Kuomba ruhusa ya kwenda uwandani: tarehe zinazofuata bamvua

Maombi mengi ya ruhusa ya kwenda uwandani hurudishwa au kukwama kwa sababu ya tarehe. Lugha ya barua huwa haina tatizo, na viambatisho huwa vimetimia. Lakini mwanafunzi ameandika "Septemba hadi Oktoba" kwa kuwa ndipo muhula unapompa nafasi, na msimamizi akimuuliza kwa nini wiki sita badala ya nne hana jibu. Ofisi ya masomo ya uzamili inayaona maombi ya namna hiyo kila mwaka, na anayepitisha anajua mapema nani atarudi kuomba kuongezewa muda.

Hapa tuchukue kisa kimoja tu, tukifuate mpaka mwisho. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo cha Tanzania Bara anachunguza mavuno ya pweza kwa wanawake wanaochokoa miambani katika kisiwa cha Songosongo, wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Kijiji, kupitia kikundi chake cha usimamizi wa fukwe, yaani BMU, kimefunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu na kitaufungua tena. Mwanafunzi anataka kupima mavuno kabla mwamba haujafunguliwa, siku unapofunguliwa na siku zinazofuata. Andiko lake linasema anahitaji vipimo vya mavuno visivyopungua 150, kila kimoja kikiwa mavuno ya mwanamke mmoja kwa siku moja.

Kazi hii haifanyiki kila siku. Wachokoaji wanaingia mwambani wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapokupwa mbali na mwamba kubaki wazi. Wakati wa maji mafu mwamba haufunuki vya kutosha na wengi hawaendi. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili hivi mtafiti anapata siku tano za kutegemea, pengine sita, kisha anasubiri. Anayeandika "siku 30 za uwandani" anadhani anaomba siku 30 za kazi, kumbe ameomba kumi.

Sasa tuziweke tarehe za 2026. Mwezi mwandamo ni tarehe 11 Septemba, mwezi mpevu 26 Septemba, mwandamo tena 10 Oktoba, mpevu tena 26 Oktoba. Maji makubwa kabisa huja siku moja au mbili baada ya hapo, kwa hiyo vipindi vya kazi ni 11 hadi 15 Septemba, 26 hadi 30 Septemba, na 10 hadi 14 Oktoba. Jumla ni siku 15. Tarehe 11 Septemba ni Ijumaa, na katika kisiwa cha Waislamu usiipange siku ya swala kana kwamba ni siku nyingine yoyote, basi zinabaki 14. Kusi inakuwa haijalala kabisa mwezi wa Septemba, kwa hiyo toa siku mbili za upepo. Zimebaki 12. Kwa mizani mbili za kuning'iniza na msaidizi mmoja, wanawake 15 kwa siku ni idadi inayowezekana bila kuwachelewesha kuuza pweza wao. Kumi na mbili mara kumi na tano ni 180. Lengo la 150 linafikiwa na akiba inabaki.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo moyo wa maombi. Msimamizi akiiona haulizi tena kwa nini wiki sita. Akitaka kupunguza muda, anajua kwamba akikata wiki mbili anafuta bamvua moja nzima na kwa wastani vipimo 60 vinaondoka nayo, hivyo mazungumzo yanageuka kuwa ya kitaaluma: je, tupunguze idadi ya vipimo, au tuongeze msaidizi wa pili?

Siku za kufika nazo zihesabiwe kwa uangalifu uleule. Barua ya kibali cha utafiti inaandikwa na chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa. Hili si jambo la jana. Barua za vibali za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zinataja waraka wa Serikali wa tarehe 4 Julai 1980 unaompa Makamu Mkuu wa Chuo mamlaka ya kutoa vibali kwa wanafunzi na wafanyakazi wake kwa niaba ya Serikali. Kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa barua inashuka wilayani, kisha kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mtendaji wa kijiji. Kila ngazi inaandika barua yake au kugonga muhuri, na huwezi kuruka hata moja kwa kuwa anayefuata ataomba kuona ya aliyetangulia.

Kwa Kilwa kuna mtego wa jiografia ambao wageni hawauoni kwenye karatasi. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi unafika njia panda ya Nangurukuru, ambapo barabara ya Kilwa Masoko inakata, kabla hujafika Lindi mjini. Ofisi ya mkoa iko Lindi. Kwa hiyo unalipita eneo lako la utafiti, unakwenda kuchukua barua, kisha unarudi nyuma. Dawa yake ni kutuma nakala ya kibali kwenye masjala ya mkoa wiki mbili kabla na kupiga simu kuuliza kama imepokelewa na kupewa namba ya kumbukumbu, ili siku unayofika iwe ya kuchukua barua na si ya kuomba.

Hivyo wiki ya kwanza inakaa hivi. Jumatatu tarehe 7 Septemba ni safari mpaka Lindi. Jumanne asubuhi ni ofisi ya mkoa, na jioni kurudi Kilwa Masoko. Jumatano ni ofisi za wilaya na halmashauri, pamoja na kumwona afisa uvuvi, kwa kuwa mkurugenzi mara nyingi atataka maoni yake kabla ya kusaini. Alhamisi ni siku ya kuvuka kwenda kisiwani, na vyombo vinaondoka kwa kufuata maji na upepo, kwa hiyo usipange kuvuka na kufanya kikao siku moja. Ijumaa tarehe 11, baada ya swala, ni kujitambulisha kwa watendaji na viongozi wa BMU. Kipimo cha kwanza ni Jumamosi tarehe 12. Anayeanza safari Alhamisi tarehe 10 kwa kuwa "bamvua inaanza tarehe 11" ataikuta bamvua inaisha akiwa bado kwenye benchi la masjala.

Tukija kwenye karatasi zenyewe, kuna vipindi vitatu vinavyochanganywa, na kuvitenganisha kunaondoa nusu ya matatizo. Kipindi cha kibali cha utafiti ni muda ambao Serikali inakutambua uwandani. Kipindi cha ruhusa ni muda ambao chuo kinakubali usiwepo kampasi. Kipindi cha kazi ni zile siku za bamvua. Wengi wanaandika tarehe zilezile kote. Inapendeza kwenye karatasi, lakini kijiji kikisogeza ufunguzi wa mwamba kwa bamvua moja, kila kitu kinakwisha muda kwa pamoja. Na ufunguzi husogezwa mara nyingi, kwa msiba, kwa upepo, au kwa sababu mnunuzi hakufika na barafu. Omba kibali kipana kuliko ruhusa, na ruhusa pana kuliko kazi. Kwa mwanafunzi wetu kibali ni tarehe 1 Septemba hadi 30 Novemba, ruhusa ni 7 Septemba hadi 16 Oktoba, na kazi ni zile siku 12. Ufunguzi ukisogea mpaka bamvua ya 26 Oktoba atahitaji kurekebisha karatasi moja tu, ile ya chuo. Kule Lindi hana haja ya kurudi.

Neno la kulikwepa kwenye kichwa cha barua ni "ruhusa ya masomo" au "kusimama masomo". Kwa ofisi ya uzamili hayo yanasomeka kama maombi ya kuahirisha, na kuahirisha ni jambo jingine kabisa: usajili unasimama. Mwanafunzi ambaye usajili wake umesimama hawezi kuandikiwa barua inayosema ni mwanafunzi halali wa chuo, na barua hiyo ndiyo msingi wa kibali chote. Kwenda uwandani ni sehemu ya masomo. Ada inaendelea, saa ya kumaliza shahada inaendelea, na msimamizi anaendelea kuwajibika. Barua iseme hivyo waziwazi.

Msimamizi na ofisi hawaulizi maswali yaleyale, na barua moja haiwezi kuwatosheleza wote. Mwandikie msimamizi kwanza, kwa barua pepe ya kawaida, ukurasa mmoja. Huyu anataka kujua kama dodoso limejaribiwa na limebadilishwa wapi, sura zipi zimekwisha, mtawasiliana lini, na utafanya nini ufunguzi ukisogea. Mfano:

> Shikamoo Profesa. Ninaomba maoni yako kuhusu ratiba ya uwandani kabla sijaipeleka idarani. Fomu ya vipimo nimeijaribu kwa wachokoaji sita, na nimeondoa swali la kipato cha kaya kwa kuwa lilijibiwa kwa kukisia. Sura ya pili nitaileta tarehe 21 Agosti. Nikiwa Songosongo nitakutumia idadi ya vipimo kila mwisho wa bamvua, yaani 16 Septemba, 1 Oktoba na 15 Oktoba. Mwamba usipofunguliwa Septemba, nitatumia bamvua mbili za kwanza kupima miamba ya wazi tu, na nitakuomba tarehe 1 Oktoba tuamue kama niombe kuongezewa muda hadi mwisho wa mwezi. Jedwali la siku na vipimo nimeliambatisha.

Angalia kwamba tarehe za mawasiliano zimefungwa kwenye mwisho wa bamvua. Ahadi ya "kila Ijumaa" haitimiziki kisiwani, na msimamizi asiyepata ujumbe Ijumaa mbili ataanza kupiga simu idarani.

Akishakubali, ndipo barua rasmi inaandikwa, wiki sita kabla ya safari. Inakwenda kwa mkurugenzi wa masomo ya uzamili, lakini inapitia kwa msimamizi na mkuu wa idara. Kupitia maana yake kila mmoja anasaini na kuandika pendekezo lake juu ya barua hiyohiyo. Kumpelekea nakala hakutoshi. Barua iliyoletwa moja kwa moja ofisini ikiwa na "nakala kwa msimamizi" chini yake inarudishwa hata kama msimamizi alishakubali kwa mdomo, kwa sababu ofisi haina cha kuweka kwenye faili.

> 27 Julai 2026
>
> Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili
> Kupitia kwa: Mkuu wa Idara
> Kupitia kwa: Msimamizi
>
> YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA KWENDA UWANDANI, KATA YA SONGOSONGO, WILAYA YA KILWA, 7 SEPTEMBA HADI 16 OKTOBA 2026
>
> Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, namba ya usajili ........, mwaka wa pili. Andiko langu la utafiti lilipitishwa na idara mwezi Mei 2026, na kibali cha utafiti ni cha 1 Septemba hadi 30 Novemba 2026 (nakala imeambatishwa).
>
> Ninaomba ruhusa ya siku 40 kukusanya takwimu za mavuno ya pweza. Muda huu umepangwa kwa kufuata bamvua tatu, kwa kuwa uchokoaji hufanyika wakati huo tu; jedwali la siku limeambatishwa. Katika kipindi hiki nitaendelea kuwa mwanafunzi aliyesajiliwa na siombi kuahirisha masomo.
>
> Ripoti ya maendeleo inayotakiwa mwishoni mwa Septemba nitaiwasilisha tarehe 4 Septemba, kabla ya kuondoka. Nitaripoti idarani Jumatatu, 19 Oktoba 2026. Endapo kijiji kitasogeza tarehe ya kufungua mwamba, nitaomba kuongezewa muda si chini ya wiki moja kabla ya ruhusa hii kwisha.

Mistari miwili hapo ndiyo inayofanya kazi kubwa. Wa kwanza ni ule wa ripoti ya maendeleo. Ofisi ina kalenda yake, na mwanafunzi asiyeonekana siku ripoti zinapokusanywa anaingia kwenye orodha ya wasioendelea vizuri, hata kama yuko mwambani maji yakiwa magotini. Tafuta tarehe za ripoti, semina za idara na malipo ya ada zinazoangukia ndani ya muda wako, kisha useme kila moja utaishughulikiaje. Wa pili ni tarehe ya kuripoti. Kurudi tarehe 16 si sawa na kuripoti, na siku zilizobaki katikati bila maelezo ndizo zinazoleta maswali.

Kwa aliyeajiriwa, na wanafunzi wengi wa uzamili ni watumishi wa umma, ruhusa ya chuo haimfungi mwajiri. Peleka nakala ya ruhusa iliyosainiwa kwa mwajiri ukiwa na maombi yako mwenyewe, usingoje chuo kikuandikie.

Kwenye kibali, kasoro inayowarudisha watu njiani ni jina la mahali. Kibali kikisema "Wilaya ya Kilwa" peke yake, mtendaji wa kata anaweza kuuliza kwa nini kata yake. Kikitaja kijiji kimoja na wewe unavuka kwenda kingine kwa kuwa wachokoaji wamehamia huko, huna karatasi. Andika mkoa, wilaya, kata, na vijiji vyote unavyoweza kuvifikia, hata usipovifikia. Jina la msaidizi nalo liwemo. Na ukiamua kuongeza eneo la kulinganisha, jua kwamba karatasi zinabadilika kuliko umbali unavyoonyesha: Mafia ni jirani, lakini sehemu kubwa ya bahari yake ni hifadhi ya bahari tangu 1995 na mamlaka ya hifadhi inataka kibali chake, Unguja na Pemba zinahitaji kibali cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na cha Bara hakikusaidii huko.

Kichwa cha utafiti kinahitaji tahadhari ambayo chuoni hakuna anayeiwaza. Andiko limeandikwa kwa Kiingereza, na maneno kama uzingatiaji wa sheria na usimamizi wa rasilimali yanapendeza kwenye semina. Yakifika kwa mtendaji yakatafsiriwa harakaharaka mbele ya watu, mtafiti anakuwa mkaguzi wa uvuvi. Kanuni za uvuvi za Tanzania zinakataza pweza aliye chini ya gramu 500, na mtu anayekuja na mizani kupima kila pweza anaogopwa kwa haki. Dalili yake utaiona mapema. Pweza wadogo hawaletwi kwenye mizani, na takwimu zako zinaonyesha wastani mzuri kupita kiasi siku mbili za kwanza. Ambatisha kwenye kibali muhtasari wa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema unapima nini, kwamba majina ya wachokoaji hayaandikwi, na kwamba vipimo haviendi kwa afisa uvuvi. Kamati ya maadili ya chuo inautaka muhtasari huo hata hivyo, kwa hiyo uandike mara moja, utumie kote.

Kwa mwanafunzi wetu tuseme BMU inatangaza tarehe 28 Septemba kwamba mwamba hautafunguliwa mpaka bamvua ya mwezi mpevu wa Oktoba. Kufikia tarehe 1 Oktoba ana vipimo 118, vyote vya miamba ya wazi. Siku hiyo anamwandikia msimamizi kama walivyoahidiana. Tarehe 5 Oktoba, siku 11 kabla ya ruhusa kwisha, anatuma maombi ya kuongezewa muda, na haya hayana haja ya kueleza utafiti upya:

> YAH: MAOMBI YA KUONGEZEWA MUDA WA RUHUSA, 17 HADI 31 OKTOBA 2026
>
> Rejea barua yenu ya ruhusa. Hadi 30 Septemba nimekusanya vipimo 118 kati ya 150. Kijiji kimesogeza ufunguzi wa mwamba kutoka Septemba hadi bamvua ya 26 Oktoba (barua ya BMU imeambatishwa), na vipimo vya ufunguzi ndivyo vinavyojibu swali la pili la utafiti. Kibali cha utafiti bado ni halali hadi 30 Novemba. Ninaomba siku 15. Nitaripoti idarani tarehe 2 Novemba.

Barua ya BMU ni sentensi mbili na muhuri. Iombe siku hiyohiyo ya kikao, kwa kuwa katibu akishavuka kwenda Kilwa unaweza kumngoja wiki nzima. Bila barua hiyo ofisi ina neno lako tu, na anayepitisha hana namna ya kutofautisha ufunguzi uliosogezwa na mwanafunzi aliyechelewa kuanza. Mwanafunzi afanye pia hesabu ya pesa kabla ya kutuma: kati ya 15 na 25 Oktoba ni maji mafu, hakuna vipimo, lakini chakula, malazi na posho ya msaidizi vinaendelea. Ni halali kabisa kuandika kwamba siku hizo atarudi Kilwa Masoko kuingiza takwimu kwenye kompyuta, na kumlipa msaidizi kwa siku za mwambani tu. Msaidizi aambiwe hivyo tangu mwanzo, kabla ya kipimo cha kwanza.

Ndani ya siku saba baada ya kuripoti, ofisi inataka taarifa fupi yenye tarehe za kutoka na kurudi, idadi ya vipimo na kilichobadilika kutoka kwenye andiko. Nakala yake moja ipelekwe kwa mkurugenzi wa halmashauri na nyingine kwa BMU, kwa Kiswahili, ikiwa na wastani wa uzito kabla na baada ya kufungua mwamba. Watendaji hupokea watafiti wengi na taarifa chache, na mwanafunzi atakayefuata kutoka chuo hichohicho ataulizwa kwenye ofisi ileile kama aliyemtangulia alirudisha chochote.